Kiatu Kimoja, Si Viatu: Karatasi ya Sauti ya Kwanza

Haya niliyasema kwenye kikao cha wazazi na walimu wa awali na darasa la kwanza, mjini Tanga. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimeondoa tu pale nilipokuwa nikitafuta miwani.

Ndugu wazazi na walezi, walimu wenzangu, asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, na habari za asubuhi.

Kila mmoja wenu ana karatasi mkononi. Ni ileile ambayo mtoto wako ataileta nyumbani Ijumaa. Naomba tuitazame pamoja kabla hatujaongea, maana ukiiangalia juu juu utasema hiki ni kitu cha dakika mbili, mwalimu katuitia nini. Juu kuna picha 7: meza, samaki, saa ya ukutani, taa, embe, ufunguo na kikombe. Chini ya picha kuna herufi 7: m, s, t, e, u, k na n. Mtoto anataja jina la picha, anasikiliza linaanza na sauti gani, kisha anachora mstari mpaka kwenye herufi ya sauti hiyo. Sehemu ya pili ina picha 4 zenye visanduku chini yake, na hapo mtoto anaandika neno zima: saa, kuku, kiti, moto. Nyuma ya karatasi kuna barua fupi kwa mzazi. Basi, ndiyo karatasi yote.

Sasa niwaambie ilivyozaliwa, maana ya kwanza niliyoitengeneza haikuwa hivi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo, nilitengeneza karatasi yangu ya kwanza ya namna hii. Nilichukua picha 8 nzuri nzuri, chini nikapanga herufi zote tulizokuwa tumekwisha kuzisoma. Binti mmoja akanirudishia karatasi yake. Amepatia 3, amekosa 5. Nikaweka alama nyekundu, nikaandika "3/8, ongeza bidii". Yule binti darasani alikuwa msikivu kuliko wengi, kwa hiyo jambo hili likaniuma kidogo. Mapumziko nikamwita, nikaweka karatasi mbele yake, nikafanya kitu nilichopaswa kukifanya tangu mwanzo. Nikagusa picha moja moja, nikamwuliza, "Hii ni nini?"

Picha ya kwanza aliyokosa, mimi niliichora nikiwa na neno kiatu kichwani. Yeye akasema, "Viatu." Na kweli nilichora jozi, viwili, kama vinavyouzwa dukani. Mstari wake ulikwenda kwenye v. Picha ya pili mimi nilikusudia pikipiki. Akasema, "Bodaboda." Mstari ulikwenda kwenye b. Picha ya tatu ni mtoto ndani ya beseni, amejaa povu. Mimi nilitaka neno oga, kwa ajili ya herufi o. Akasema, "Anaoga." Mstari, a. Picha ya nne ilikuwa kuku, lakini nilimpamba mno, nikampa upanga mkubwa kichwani na mkia wa mapindo. Akaniangalia kama ananionea huruma, akasema, "Jogoo, mwalimu." Mstari, j.

Masikio ya huyu mtoto yalikuwa mazima kabisa. Kila neno alilolitaja, alilitafutia sauti yake ya kwanza na akaipata. Aliyekosa mara nne ni mimi.

Bado ile ya tano. Picha ilikuwa bata. Nikamwuliza, akasema, "Bata." Linaanza na sauti gani? Akafumba midomo, akasema sauti ya b vizuri kabisa. Kisha akaweka kidole kwenye d. Hapo ndipo palipokuwa na kosa la kweli, kosa moja katika karatasi nzima, na wala halikuwa la sikio. Lilikuwa la jicho: herufi b na d kwake zilikuwa kitu kimoja kilichogeuzwa. Kwa hiyo mtoto niliyemwandikia aongeze bidii alihitaji jambo moja dogo tu, kutofautisha tumbo la b na tumbo la d, na mimi kwa alama yangu nyekundu nisingelijua hilo hata mwaka ungeisha.

Tangu siku ile nina kanuni moja ambayo naomba na ninyi mwende nayo nyumbani: kabla mtoto hajachora mstari wowote, ataje picha zote kwa sauti. Akitaja jina lingine, msilipinge. Mwambieni, "Hapa mwalimu ameita taa," halafu aendelee.

Walimu wenzangu, hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu karatasi nyingi tunazotolea kopi zimekopwa kutoka lugha nyingine. Huko mwanzo wa neno hautikisiki. Ukichora kiatu kimoja au vitatu, neno linaanza vilevile, wingi unakwenda kuning'inia mwishoni. Kiswahili chetu wingi kinauweka mlangoni. Kiatu, viatu. Jino, meno. Jicho, macho. Ua, maua. Yai, mayai. Embe, maembe. Ukichora mayai matatu kwenye trei ukitegemea mtoto asikie y, atakupa m, na atakuwa sahihi. Ukichora shada la maua ukitaka u, utapata m tena. Kwa hiyo kwenye karatasi hii embe ni moja, ufunguo ni mmoja tena hauna mwenzake kwenye mnyororo, maana zikiwa mbili zinakuwa funguo na sauti ya kwanza inageuka f.

Njia rahisi zaidi ni kutafuta majina ambayo hayabadiliki kwa wingi. Meza moja, meza kumi. Saa, taa, samaki, kuku, paka, simba, soksi. Haya hata mchoraji akiteleza akaongeza samaki wa pili, karatasi haiharibiki. Mwalimu anayeanza kutengeneza karatasi zake, ningemshauri wiki za mwanzo abaki humo.

Vitenzi ndivyo vigumu kuliko vyote. Kiswahili hakina picha ya oga. Picha ina mtu, na mtu anaoga, anakula, anacheza. Ukimwonyesha mtoto picha 10 za watu wanaofanya mambo 10, atakupa a mara 10. Ndiyo maana herufi o haimo kwenye safu ya juu ya karatasi hii. Majina ya vitu yanayoanza na o, vitu ambavyo mtoto wa miaka sita anavijua na vinachoreka, ni ya kutafuta kwa tochi. Ofisi? Utachora nini, meza na mtu amekaa? Mtoto atasema meza. Nimeihamishia o kwenye sehemu ya pili, ndani ya neno moto, ambako inasikika mara mbili na haina ubishi. Herufi i nayo ina tabu hiyohiyo. Nilijaribu kuchora ini, darasa zima wakasema nyama.

Kuna jambo la m. Nawaomba wazazi mnivumilie, hili linawahusu hata ninyi. Meza, mti na mbuzi, kwenye maandishi yote matatu yanaanza na m. Kwenye sikio la mtoto si hivyo. Katika meza, m inashikana na e, unasikia me. Katika mti, m imesimama peke yake, ina pigo lake: m, ti. Pigeni makofi mtaona, ni mawili. Katika mbuzi, m imeingia ndani ya b, inatoka kwa pamoja, mbu, kisha zi. Makofi ni mawili pia, lakini m haina kofi lake. Mtoto ukimwuliza mbuzi inaanza na nini, atakwambia b, au atakwama. Wengi wakianza kuandika wanaandika "buzi", na ndizi wanaandika "dizi", na embe wanaandika "ebe". Hilo halionyeshi uzito wa kichwa. Sauti ile ya puani imejificha na yeye amesikia iliyo kubwa. Kwa hiyo kwenye karatasi za mwanzo, m ni ya meza, mama, moto. Mti inakuja baadaye. Mbuzi na ndizi zina wiki zao, tutakapofika herufi mwambatano.

Mtaniuliza, je embe si lina mb ndani? Linayo, lakini hapa tunataka sauti ya kwanza tu, na ya kwanza ni e, iko wazi. Ndiyo maana embe lipo juu na halipo kwenye visanduku.

Mwangalie tena safu ya herufi. Picha 7, herufi 7, lakini si moja kwa moja. Samaki na saa zote zinakwenda s. Herufi n haina picha hata moja. Nimefanya makusudi. Zamani nilikuwa naweka picha 6 na herufi 6, kila moja na mwenzake, na nikagundua watoto wajanja wanafanya zile tatu wanazozijua, halafu zilizobaki wanaziunganisha kwa kukisia, na ya mwisho inajipata yenyewe bila kufikiri chochote. Ukiona mtoto ameipa n picha, basi hapo alikuwa anagawa. Mfano akiunganisha saa na n kwa sababu s "imeshatumika", msikimbilie kusema hajui s. Mwulizeni tu, "Saa inaanzaje?" Akisema s, mwambieni herufi moja inaweza kuwa na picha mbili.

Sasa tuje kwenye kusema zile sauti, maana hapa nyumbani ndipo tunapovurugana, mwalimu anasema hivi na kaka mkubwa anasema vile.

Herufi ina jina na ina sauti. Wengi tulifundishwa kusema "me", "be", "ke", "se". Mtoto akiambiwa hii ni "me" na hii ni "o", akiziunganisha anapata "meo", na neno moto linakuwa "meoteo". Nimewasikia wakisoma hivyo kwa masikio yangu. Tunachotaka ni sauti tupu. Kwa m, fumba midomo uvume: mmmm. Kwa s, kama tairi linalotoa upepo: ssss. Kwa n, ulimi juu nyuma ya meno: nnnn. Hizi zinavutika, unaweza kuzishikilia mpaka mtoto azisikie na aziunganishe bila kukata: mmmmo, moto.

K na t hazivutiki. Zinapasuka na kuisha. Ukijaribu kuivuta k utaishia kusema "keee", umeshaongeza irabu ambayo haipo. Zisemwe fupi, karibu kunong'ona, k, k, k, kama mtu anayebisha mlango kwa kucha. Hii ndiyo sababu, kwa mtoto anayesumbuka, mimi huanza na m, s na n kabla ya k, t na b. Irabu zenyewe hazina shida: a, e, i, o, u, jina na sauti ni kitu kimoja. Ni bahati tuliyonayo kwenye lugha hii, tuitumie.

Sehemu ya pili, ya kuandika maneno. Hapa picha haina kazi ya kumwuliza mtoto, kazi yake ni kumkumbusha tu. Neno analitaja mtu mzima. Msomeeni: saa, kuku, kiti, moto. Kwa hiyo hata nikichora jogoo mara hii, hakuna madhara.

Chini ya kila picha kuna visanduku, kimoja kwa kila sauti. Wazo la visanduku si langu. Lilitoka kwa mwanasaikolojia wa Kisovieti, Daniil Elkonin, na limezunguka dunia. Nililoongeza kwa ajili ya Kiswahili ni ule upinde mnaouona chini ya visanduku, unaokusanya silabi. Kuku ina visanduku 4 na pinde 2: ku, ku. Watoto wetu wanasikia silabi kabla hawajasikia herufi. Mpe mtoto wa miaka mitano neno kuku apige makofi, atapiga mawili bila kufundishwa. Kumwomba aitenge k kutoka kwenye u ni kazi nyingine kabisa, na asiposhikwa mkono anaikwepa.

Inafanyika hivi. Nina vizibo 4 vya soda hapa. Nasema neno, kuku. Mtoto analirudia. Anapiga makofi, ku-ku, mawili, anagusa pinde mbili. Sasa tunarudi kwenye ku ya kwanza, tunaisema polepole, na kwa kila sauti anasukuma kizibo kimoja kwenye kisanduku: k, kizibo, u, kizibo. Halafu ku ya pili vivyo hivyo. Vizibo vinne vimekaa. Ndipo anaondoa kizibo kimoja na kuandika herufi mahali pake, akiisema. Akimaliza anapitisha kidole chini ya neno na kulisoma lote kwa pamoja. Kalamu inakuja mwisho. Nikiona mtoto anashika penseli kwanza, najua anaandika kwa kukumbuka umbo la neno alilowahi kuliona, hajasikiliza.

Mtoto akiandika kuku kama "kk", furahini kidogo, kisha msaidieni. Yeye amesikia mapigo mawili, na kila pigo amelipa herufi moja. Huenda kwake k ndiyo "ku". Visanduku vyenyewe vitamwambia kuna viti vitupu. Mwulizeni, "Ukisema ku, mdomo unaishia umefanyaje?" Umechongoka. Ndiyo u hiyo. Mwingine ataandika "uu", huyo anasikia irabu tu, na dawa yake ni kurudi kwenye sauti ya kwanza, ile sehemu ya juu.

Saa ndiyo neno fupi kuliko yote na ndilo linalokosewa zaidi. Wanaandika "sa". Na ukilisema haraka ni kweli linasikika kama pigo moja refu. Lakini Kiswahili hakina irabu ndefu moja, kina irabu mbili zilizokaa jirani, kila moja na silabi yake: sa, a. Makofi mawili. Nimeliweka la kwanza kwa makusudi, ili visanduku vitatu vimshtue: s, a, na hiki cha tatu cha nani? Akishapata saa, taa itakuja bure.

Baadhi mtajiuliza mbona hakuna mama, baba, dada, maneno ambayo kila mtoto anataka kuyaandika. Mama tulishaandika. Baba na dada nimezitenga kwa wiki kadhaa. Ukizitazama ni neno moja lililowekwa mbele ya kioo, herufi zilezile zimegeuzwa tumbo. Mtoto anayechanganya b na d, ukimwekea zote mbili kwenye karatasi moja, unamkaanga. Mimi nafundisha b mpaka ikae, na baba, bata, basi. Halafu ndipo d, peke yake. Vivyo hivyo r na l. Nyumba nyingi hapa zina lugha ya nyumbani ambayo haitenganishi sauti hizo mbili, na mtoto akisema "karamu" akimaanisha kalamu, anasema anavyosikia kwa bibi yake. Nitazifundisha, lakini si kwenye zoezi la kuoanisha ambalo linamhukumu kwa mstari mmoja.

Sasa geuzeni karatasi. Niisome barua, maana najua barua za shule zinaishia kufungia karanga.

"Mzazi au mlezi, salaam. Mwanao ameleta karatasi moja. Ni kazi ya dakika 10, isizidi. Kwanza ataje picha zote kwa mdomo. Akikosea jina, mpe jina lililoandikwa hapa chini, asianze kuchora kabla. Msaidie kusikia, usimsaidie kuandika. Sema mmmm, usiseme me. Kwenye visanduku, tumia maharage au vizibo kabla ya penseli. Akikosea, usifute, acha nione. Akichoka, acheni hapo mlipofika na uweke alama ya nukta. Kama hukupata nafasi, au kama kusoma kwako ni shida, chezeni njiani: 'Naona kitu kinachoanza na ssss.' Hiyo ni kazi kamili, niandikiwe tu au niambiwe kwamba mlicheza. Chini kuna mstari mmoja: andika jambo lolote alilosema mtoto lililokushangaza. Majina ya picha: meza, samaki, saa, taa, embe, ufunguo, kikombe. Maneno ya kuandika: saa, kuku, kiti, moto."

Niieleze mistari miwili mitatu. Dakika 10, kwa sababu niliwahi kuandika "hakikisha anamaliza", na mama mmoja akaniambia walikaa mpaka saa nne usiku, mtoto analia, yeye analia, baba amehamia barazani. Karatasi ikaja safi, imejaa majibu sahihi kwa mwandiko wa mtu mzima aliyejitahidi kuukunja uonekane wa kitoto. Haikunisaidia kitu.

"Usifute, acha nione." Hili ndilo gumu kwenu, najua. Mzazi anaona aibu kurudisha karatasi yenye makosa. Lakini mimi nasoma makosa. "Kk" inaniambia jambo, "sa" inaniambia lingine, mstari uliokwenda d badala ya b unaniambia la tatu. Karatasi iliyofutwa na raba mpaka imetoboka haina la kuniambia. Ukiona lazima umwonyeshe, andika pembeni kwa rangi nyingine.

Na lile la njiani. Bibi mmoja anayelea wajukuu wawili aliniambia mwaka jana, "Mwalimu, mimi herufi sizijui, utanisamehe." Nikamwambia sauti anazijua, amezitumia maisha yake yote. Akaanza ule mchezo wakienda kuteka maji. Anaona kitu kinachoanza na nnnn. Nazi! Nanasi! Siku moja mjukuu akamjibu nyumba, na bibi akakataa katakata, akasema nyumba haianzi na nnnn, inaanza na ny. Ametenganisha n na ny kwa sikio tu, jambo ambalo baadhi yetu wenye vyeti tunaliruka. Nyumba ameitoa kwenye mchezo, na mimi nikaitoa kwenye karatasi ya n.

Walimu, neno moja kuhusu kopi. Kopi ya kopi ya kopi inageuza samaki kuwa jani. Chora kwa mstari mnene, usitie kivuli ndani, na uitunze ya kwanza kabisa, utoe kopi kutoka hiyo kila mara. Shule ikikosa karatasi, chora picha ubaoni kubwa, watoto wawe na vizibo vilivyoandikwa herufi kwa kalamu ya wino mzito. Unagusa picha, wananyanyua kizibo. Unaona darasa zima kwa mara moja, na hiyo ina faida ambayo karatasi haina.

Nimalizie na kile kikombe, maana mwenzangu hapa mbele ananikumbusha kwamba toleo la mwaka jana halikuwa nacho. Ni kweli. Kwa ajili ya k nilikuwa nimechora kofia. Nililiona jina zuri: halibadiliki kwa wingi, linaanza na k safi. Nikachora ile yenye nakshi, ya kuvaa na kanzu. Karatasi zikarudi, mtoto mmoja kaacha kofia bila mstari wowote, mengine yote amepatia. Nikageuza nyuma, kwenye ule mstari wa mzazi. Baba yake ameandika: "Kasema hii ni balaghashia, akatafuta b, hakuiona, akasema mwalimu amesahau."

Nikaona basi nichore ile ya kukinga jua, yenye ulimi mbele. Nikamwonyesha mwanangu nyumbani, akaniambia, "Mama, hiyo ni kapelo." Inaanza na k, lakini si neno nililolitaja kwenye barua, na nikawaza mwingine atasema nini. Ndiyo maana karatasi mliyoishika ina kikombe. Kimoja.